Entropi ya Amonia: Jinsi Kanuni ya Tatu ya Thamodinamiki Ilivyopata Mahali pa Kuanzia Kuhesabu

Neno entropi halikuzaliwa sokoni wala jikoni. Liliundwa mezani, katika mwaka wa 1865, na Rudolf Clausius, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akifundisha mjini Zurich. Alilichukua kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya mgeuko, akalivisha umbo linalofanana na neno enaji kwa makusudi kabisa, kwa kuwa aliamini kwamba vitu viwili hivyo vina undugu na yafaa undugu huo usikike katika majina yao. Kwa watu wa lugha hii ni habari ya kufurahisha, maana ni nadra kumkuta mwanafizikia akiunda istilahi kwa kufikiria sauti yake. Lakini jambo ninalokusudia kulieleza hapa si jina lenyewe, bali ni upungufu uliokuwamo katika jambo lililopewa jina, na jinsi upungufu huo ulivyozibwa baada ya miaka arobaini hivi.

Kwanza hapana budi tutenganishe maneno mawili. Katika mazungumzo ya kila siku sisi husema joto kwa mambo mawili yaliyo mbali: kile kinachotoka motoni na kuingia sufuriani, na kile kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Katika makala haya joto ni kile kinachopita kutoka kitu hadi kitu, nacho hupimwa kwa jouli. Na kiwango kile nitakiita halijoto, kwa istilahi ambayo vitabu vya sayansi vya Kiswahili vimekwisha kuizoea, nacho kitapimwa kwa kelvini, yaani kuanzia sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Asiyetenganisha mawili haya hawezi kuelewa entropi, kwa sababu entropi ni moja kugawanywa kwa jingine: chukua kiasi kidogo cha joto kilichoingia katika kitu polepole, kigawanye kwa halijoto ya kitu wakati ule, na jawabu ni nyongeza ya entropi ya kitu hicho.

Angalia neno nyongeza. Maelezo ya Clausius yatupa mabadiliko tu. Yatuambia maji ya moto yamezidi maji ya baridi kwa kiasi gani cha entropi, lakini hayatuambii maji yenyewe yana entropi kiasi gani. Ni kama mtu aliyepima kwa makini urefu wa kila ngazi ya mnara lakini hajui ngazi ya kwanza imejengwa juu ya nini. Kwa kazi nyingi za injini za mvuke upungufu huu haukudhuru, maana ndani ya injini maji hubaki maji, na ngazi ya kwanza hufutika katika hesabu. Taabu ilianza pale wanakemia walipotaka kulinganisha vitu mbalimbali: naitrojeni na haidrojeni upande huu, amonia upande ule. Hiyo ni minara mitatu, na hakuna aliyejua kama misingi yake imelingana.

Kwa nini walitaka kulinganisha? Kwa sababu badiliko la kikemia hutawaliwa na mambo mawili yanayovutana, nayo huandikwa hivi:

ΔG = ΔH − TΔS

Hapa ΔH ni joto la badiliko, T ni halijoto, na ΔS ni tofauti ya entropi kati ya mazao na malighafi. ΔG ikiwa hasi, badiliko laweza kwenda mbele lenyewe. Ikiwa chanya, laelekea kurudi nyuma. ΔH iliweza kupimwa katika kalorimita tangu zamani. ΔS ndiyo iliyokosekana. Mtu aliweza kuipata kwa njia ya kuzunguka tu: aache badiliko lifikie msawazo, apime mchanganyiko uliopatikana, kisha ahesabu kinyumenyume. Lakini hiyo ni kusema kwamba ili ujue kama kazi yawezekana huna budi kwanza uifanye. Henri Le Chatelier, Mfaransa, alikwisha kuonyesha katika mwaka wa 1888 kwamba hesabu yote ya msawazo ingekamilika kwa vipimo vya joto peke yake kama ingejulikana namba moja tu, ile namba isiyobadilika ambayo hubaki baada ya kujumlisha. Aliona mlango, akaona na kitasa, ila ufunguo hakuupata.

Ufunguo uliletwa na Walther Nernst. Alikuwa amehamia Berlin katika mwaka wa 1905, na tarehe 23 Desemba ya mwaka huo dai lake lililetwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Göttingen, likachapishwa mwaka uliofuata. Alisema kwamba halijoto inapokaribia sifuri halisi, mistari miwili ya mchoro, ule wa joto la badiliko na ule wa enaji huru, haikutani tu bali hugusana na kwenda sambamba. Kwa lugha tunayotumia leo: katika vitu yabisi na vioevu, tofauti ya entropi kati ya malighafi na mazao huelekea kuwa sifuri halijoto inapoelekea sifuri. Basi misingi ya minara yote imelingana.

Yafaa kuongeza kwamba Nernst mwenyewe hakupenda kusema entropi. Alilikwepa neno hilo, akaliita dai lake Wärmesatz. Neno Satz katika Kijerumani lina maana ya kauli iliyothibitika ya hesabu, na ndilo hilo hilo linalotumiwa na wanasarufi kwa sentensi. Kwa hiyo aliyoitoa Nernst ilikuwa kauli ya joto, si sheria. Waliokuja nyuma yake ndio walioipandisha cheo na kuiita kanuni ya tatu. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba kanuni ya kwanza iligunduliwa na watu watatu, ya pili na wawili, na ya tatu na mmoja, naye ni yeye. Basi ya nne haiwezi kupatikana kamwe. Majivuno yalikuwamo, lakini hesabu yake ya watu haikuwa mbali na ukweli.

Jaribio kubwa la kwanza la kauli hiyo lilikuwa amonia. Fritz Haber, aliyekuwa Karlsruhe, alikuwa ameombwa na wenye viwanda wa Vienna achunguze kama naitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni. Badiliko lenyewe ni hili:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Alipitisha gesi juu ya chuma katika halijoto ya takriban nyuzi 1020 za Selsiasi, kwa shinikizo la kawaida la hewa, akapata amonia kidogo mno, kiasi cha asilimia 0.012 hivi. Nernst alipoijaribu kauli yake kwa mabadiliko yote ya gesi yaliyokuwa yamepimwa, karibu yote yalikubaliana nayo, isipokuwa amonia ya Haber: hesabu ilitaka iwe ndogo zaidi. Nernst akaamuru vipimo vipya vifanywe katika maabara yake chini ya shinikizo kubwa, ambako amonia ni nyingi na kosa la kupima ni dogo, navyo vikatoa namba ndogo kuliko ya Haber. Mwezi wa Mei 1907, katika mkutano wa Chama cha Bunsen mjini Hamburg, alisimama mbele ya wenzao na kusema wazi kwamba namba za Haber si sahihi.

Haber aliona uchungu mkubwa, lakini alikuwa amekwisha kuanza kupima upya pamoja na msaidizi wake Robert Le Rossignol. Namba waliyoipata kwa nyuzi 1000 ilikuwa asilimia 0.0048. Ndiyo kusema kwamba katika shutuma Nernst alikuwa na haki, kwani namba ya kwanza ilizidi kiasi cha mara mbili na nusu. Lakini kwa mtu anayehesabu leo kwa majedwali, kama tutakavyofanya hapa chini, jibu ni karibu asilimia 0.0046. Basi Haber wa mara ya pili alipima vizuri sana. Na ugomvi huo ndio uliomsukuma aingie katika kazi ya shinikizo kubwa, hata mwezi wa Julai 1909 akawaonyesha watu wa kampuni ya BASF amonia ikitiririka, na mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Haber alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka wa 1918, na Nernst ile ya mwaka wa 1920.

Kauli ya Nernst, hata hivyo, ilikuwa bado ni kauli ya tofauti. Max Planck alikwenda hatua moja mbele katika mwaka wa 1911. Alisema: kama misingi ya minara yote imelingana, kwa nini tusiite usawa huo sifuri? Entropi ya kila kitu safi, kikiwa kioevu au yabisi, iwe sifuri katika sifuri halisi. Hapo ndipo ilipowezekana kusema kwamba kitu fulani kina entropi kadhaa, bila kutaja kingine cha kukilinganisha nacho. Huko Kalifonia Gilbert Lewis na wenzake walichukua wazo hilo, wakalisahihisha. Katika mwaka wa 1917 Lewis na George Gibson walitoa entropi za elementi. Na katika kitabu alichokitoa pamoja na Merle Randall mwaka wa 1923, Lewis aliweka sharti ambalo Planck hakuliweka: kitu kiwe fuwele kamili. Vioevu vilivyogandishwa kwa haraka, kama kioo, viliondolewa. Mwaka huo huo Gibson na kijana mmoja jina lake William Giauque walionyesha kwa glisarini kwamba kioo chake hubakiwa na entropi ambayo fuwele yake haina. Sharti hilo dogo, fuwele kamili, ndilo lenye uzito wote, kama tutakavyoona kwa haidrojeni.

Sasa tuone namba moja ya jedwali ilivyojengwa. Nachagua naitrojeni, ambayo Giauque na Clayton waliipima katika mwaka wa 1933. Kazi yenyewe ni kuanza chini kabisa na kupanda. Kila hatua unakitia kitu joto kidogo, kwa waya wa umeme, unasoma halijoto imepanda kiasi gani, unagawanya joto kwa halijoto, unajumlisha. Chini ya kelvini 10 vyombo havikuweza kufika kwa urahisi, na hapo hesabu hutumiwa badala ya kipimo: uwezo wa fuwele kupokea joto huko chini hupungua kwa kipeo cha tatu cha halijoto, kama Peter Debye alivyoonyesha mwaka wa 1912. Upungufu huo si jambo la pembeni. Kama uwezo wa kupokea joto ungebaki vile vile hadi sifuri, kugawanya kwa halijoto inayozidi kuwa ndogo kungetupa jumla isiyo na mwisho, na mnara usingekuwa na msingi wowote. Ni kwa kuwa Einstein alitabiri mwaka wa 1907 kwamba uwezo huo hufifia, na maabara ya Nernst ikathibitisha, kwamba kauli ya joto iliweza kusimama.

Kipande cha kwanza, kutoka sifuri hadi kelvini 10, huleta jouli 1.92 kwa kelvini kwa moli moja. Kupasha moto fuwele hadi kelvini 35.61 huongeza 25.25. Hapo fuwele hugeuza mpangilio wake na kuwa fuwele ya namna nyingine, na mgeuko huo huongeza 6.43. Kupanda hadi 63.14 huongeza 23.38, na hapo naitrojeni huyeyuka, ikiongeza 11.42. Kioevu hupashwa moto hadi 77.32, ikapatikana 11.41. Kisha huchemka. Kuchemka ndiko kunakoleta fungu kubwa: jouli 5577 za joto kugawanywa kwa kelvini 77.32 ni 72.13. Gesi iliyopatikana hupandishwa hadi 298.15, yaani nyuzi 25 za Selsiasi, ikiongeza 39.20, na mwisho hutiwa sahihisho la 0.92 kwa kuwa gesi halisi haitendi sawasawa na gesi kamili. Jumla ni 192.06. Majedwali ya leo huandika 191.6, namba inayohesabiwa kwa njia nyingine kabisa, kutoka mistari ya mwanga wa molekuli. Njia mbili zisizojuana, moja ikipitia barafu na nyingine ikipitia nuru, zimetofautiana kwa chini ya nusu jouli. Mimi naona hapa ndipo penye uthibitisho wa kanuni ya tatu, kuliko katika maneno yoyote ya kuitamka.

Tukiwa na majedwali, hesabu ya amonia yenyewe ni fupi. Katika nyuzi 25 na shinikizo la kawaida, entropi ya moli moja ya naitrojeni ni 191.6, ya haidrojeni 130.7, ya amonia 192.8, zote kwa jouli kwa kelvini. Tunachukua mazao, kila moja mara idadi ya moli zake, tukatoa malighafi vivyo hivyo:

ΔS = 2(192.8) − [191.6 + 3(130.7)]
ΔS = 385.6 − 583.7 = −198.1

Tofauti ni hasi, na sababu yake yaonekana: moli nne za gesi zimekuwa mbili. Joto la badiliko ni −91.8 kilojouli. Joto lavuta mbele, entropi yavuta nyuma, na mvuto wa entropi huzidi kadiri halijoto inavyopanda. Huwa sawa pale ambapo T ni 91,800 kugawanywa kwa 198.1, yaani kelvini 463, karibu nyuzi 190. Chini ya hapo amonia hushinda. Juu yake hushindwa, ikiwa kila gesi i katika shinikizo la kawaida. Lakini chini ya nyuzi 190 chuma hakiamshi badiliko lolote la kufaa. Shida yote ya Haber, na sababu yote ya shinikizo kubwa, imo katika mstari mmoja huo wa hesabu.

Wanaoanza hukosea hapa kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, ni kosa la lugha zaidi kuliko la hesabu. Katika jedwali la joto la kuundwa, elementi zote huandikiwa sifuri: naitrojeni sifuri, haidrojeni sifuri. Mwanafunzi aliyezoea hivyo huzipa sifuri na entropi zao, akapata ΔS ya +385.6, ambayo hata ishara yake imegeuka. Sifuri mbili hizi si za aina moja. Ile ya joto ni mapatano ya watu, kama vile kukubaliana kupima urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari. Ile ya entropi iko mahali pake katika maumbile, kwenye sifuri halisi, na naitrojeni ya nyuzi 25 iko mbali nayo sana. Ndiyo maana jedwali la joto huandika Δ mbele ya H, lakini jedwali la entropi huandika S tupu. Herufi moja inayokosekana yabeba kanuni nzima.

Kosa la pili ni la halijoto. Namba za jedwali ni za nyuzi 25, na Haber alipima katika nyuzi 1000, yaani kelvini 1273. Tukizitumia kama zilivyo, ΔG huwa karibu +160 kilojouli, na amonia katika mchanganyiko wa haidrojeni tatu kwa naitrojeni moja huwa asilimia 0.017. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya kiasi cha kweli. Kosa latokana na kudhani kwamba ΔS haibadiliki. Gesi nne za kushoto hupokea joto zaidi kuliko mbili za kulia, kwa hiyo tofauti huzidi kupanuka tunapopanda: katika kelvini 1273 ΔS ni karibu −235 na ΔH ni karibu −111.5. Kwa namba hizo ΔG huwa karibu +188, na amonia asilimia 0.0046. Mtu aweza kujihadhari kwa urahisi: kwa mamia machache ya nyuzi namba za jedwali zafaa kwa makadirio, bali kwa elfu moja hapana budi uwezo wa kupokea joto uingizwe katika hesabu.

Nimeiacha haidrojeni mwisho kwa kuwa ndiyo iliyoijaribu kanuni kwa ukali zaidi. Kwa namba 130.7 niliyoitumia, msomaji angetazamia kwamba imepatikana kama ile ya naitrojeni, kwa kupanda ngazi kutoka chini. Sivyo. Walioipanda ngazi hiyo kwa makini walipata 124 tu. Wakati hesabu ya mwanga ilipotoa 130.7, ilionekana kana kwamba kanuni ya tatu imevunjika katika kitu chepesi kuliko vyote.

Sababu ilijulikana kati ya miaka ya 1927 na 1930. Molekuli ya haidrojeni ina viini viwili, na kila kiini huzunguka kama pia. Mizunguko hiyo ikielekea upande mmoja, molekuli huitwa ortho. Ikipingana, huitwa para. Katika halijoto ya kawaida robo tatu ni ortho na robo moja ni para, na aina moja haigeuki kuwa nyingine ila kwa taabu na kwa muda mrefu. Karl Bonhoeffer na Paul Harteck waliitenga para mjini Berlin mwaka wa 1929, wakitumia makaa kama kichocheo. Basi mpimaji akiigandisha haidrojeni, zile robo tatu hazipati nafasi ya kugeuka na kujipanga. Katika ubaridi wa chini kabisa bado zina njia tatu za kukaa kila moja, na hicho kinachobaki ni robo tatu ya R mara logi asilia ya 3, yaani jouli 6.85. R ni namba ya gesi, 8.314. Ongeza 6.85 juu ya 124, na utafika mahali ulipotaka kufika. Giauque alieleza jambo hili mwaka wa 1930, na kwa kazi yake ya halijoto za chini alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka wa 1949. Kanuni haikuvunjika, fuwele ndiyo haikuwa kamili.

Hali kama hiyo, kwa sababu nyingine, imo katika monoksidi ya kaboni. Uzito wake ni karibu sawa na wa naitrojeni, na idadi ya elektroni ni ile ile; lakini naitrojeni ina ncha mbili zinazofanana, na monoksidi ina kaboni huku na oksijeni kule. Inapoganda, molekuli hulala ovyo, nyingine kichwa mbele, nyingine miguu mbele, na baridi huwakuta kabla hazijageuka. Entropi iliyopimwa kwa kalorimita hupungua kati ya jouli 4 na 5 chini ya ile ya mwanga. Kama zingelala ovyo kabisa upungufu ungekuwa R mara logi ya 2, yaani 5.76. Hivyo ndivyo kasoro inavyotambulikana: namba ya kalorimita huwa ndogo kuliko ya mwanga, na tofauti hukaribia logi ya namba ndogo iliyo nzima.

Tuseme sasa kwamba mtu ameitumia ile 124 katika hesabu ya amonia. ΔS ingekuwa −178 badala ya −198.1, na halijoto ya kusawazika ingepanda kutoka nyuzi 190 hadi karibu 243. Na kuna jambo zuri la kuangaliwa hapa. Kosa la jouli 20.1 katika entropi huzidisha namba ya msawazo kwa kiasi cha mara 11, na mara 11 hizo ni zile zile katika kila halijoto, chini na juu. Kosa la joto lingefifia kadiri tunavyopanda. Kosa la entropi halifififii. Ndiyo ile namba isiyobadilika ya Le Chatelier, imerudi kwa sura nyingine.

Majedwali huziita namba hizi entropi halisi, kwa maana ya zisizo za kulinganisha. Neno hilo lafaa, lakini lina mipaka. Mzunguko wa viini vyenyewe, ambao pia una fungu lake, huachwa nje kwa mapatano, kwa sababu viini sita vya haidrojeni vilivyo kushoto mwa badiliko letu vipo sita vile vile kulia, na fungu lao hufutika. Shinikizo la kawaida nalo lilibadilishwa mwaka wa 1982 kutoka atmosfia moja hadi bari moja, likaongeza 0.11 kwa kila gesi, na maandishi ya zamani yalihesabu kwa kalori, ambayo ni jouli 4.184. Katika maandishi mengine ya miaka ya 1930 haidrojeni huonekana na entropi ya kalori 33.98, yaani jouli 142.2. Si kosa la chapa. Mwandishi ameuhesabu na mzunguko wa viini, R mara logi ya 4, ambayo ni 11.5. Mwenye kuichukua namba hiyo na kuiweka pamoja na amonia ya jedwali la leo atapata ΔS ya karibu −232.6, na hataona chochote cha kumshtua, kwa kuwa ishara ni ile ile na ukubwa waelekea kufaa.